Pochi ya bitkoini inaposoma sifuri

Mtu aliyelipwa bitkoini hufungua pochi yake kwenye simu au kompyuta akitarajia kuona salio limepanda, akakuta tarakimu za wiki iliyopita, au mbaya zaidi, sifuri. Wazo la kwanza ni kwamba ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Pochi yake imezungumza na seva ambayo haijapata habari mpya, na seva hiyo imeijibu kwa kadiri ya inachokijua.

Ili kulielewa hili, inafaa kwanza kujua pochi imebeba nini. Haina sarafu ndani. Imebeba funguo za siri zinazomwezesha mwenyewe kutoa fedha, pamoja na anwani zinazotokana na funguo hizo. Sarafu zenyewe zimeandikwa katika daftari la pamoja la mtandao wa bitkoini, ambalo hunakiliwa na maelfu ya kompyuta duniani na kuongezewa ukurasa mmoja, yaani bloku moja, kila baada ya dakika kumi hivi. Daftari lote sasa limezidi gigabaiti 600. Hakuna simu ya kawaida inayoweza kulibeba bila kulemewa, ndiyo maana pochi nyepesi huuliza seva iliyolibeba kwa niaba yake.

Electrum, pochi iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011, inaonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyofanyika. Kwa kila anwani uliyo nayo, pochi huiuliza seva kama kuna jambo jipya. Seva hurudisha alama fupi inayowakilisha historia yote ya anwani hiyo. Alama ikilingana na ile iliyohifadhiwa, pochi hutulia. Ikitofautiana, huomba orodha ya miamala, huipakua, hukagua uthibitisho kwamba kila muamala umo kweli ndani ya bloku, kisha hujumlisha yenyewe na kukuandikia salio. Kwa hiyo salio unaloliona ni hesabu iliyopigwa ndani ya kifaa chako kutokana na jibu la mwisho la seva. Hapa ndipo inapotofautiana na salio la M-Pesa, ambalo hutunzwa na kampuni yenyewe. Jibu la seva likiwa la zamani, hesabu itakuwa sahihi lakini ya zamani.

Kutokana na hapo unaweza kubashiri tatizo kwa kuangalia tu sura yake. Salio lililoganda kwenye kiasi cha zamani maana yake pochi ina historia iliyohifadhiwa, ila haijaletewa nyongeza. Sifuri hutokea zaidi pale mtu anapofungua pochi upya kwa maneno yake 12 ya siri, kwenye simu mpya kwa mfano. Faili jipya halina kumbukumbu yoyote, na kabla seva haijajibu hakuna cha kujumlisha. Ipo sura ya tatu inayowapata wenye pochi ileile katika vifaa viwili: ametumia fedha kwa simu, lakini kompyuta bado inaonyesha kuwa anazo. Akijaribu kuzitumia tena, mtandao utaukataa muamala huo, kwa sababu sarafu moja haiwezi kulipwa mara mbili. Hapotezi kitu.

Tuchukue mfano wa mfasiri wa Arusha ambaye pochi yake ya Electrum ina 0.011 BTC. Mteja anamtumia 0.004, yaani satoshi 400,000, na kumwambia kwamba malipo yameshathibitishwa. Pochi inabaki kwenye 0.011. Anaanza kwa kutazama kona ya chini kulia, palipo na kiduara cha hali ya mtandao. Kikiwa chekundu, hakuna muunganisho kabisa, na hapo aanze na intaneti yake. Chake si chekundu, na chini ya dirisha pameandikwa `Server is lagging`, pamoja na idadi ya bloku ambazo seva imeachwa nyuma.

Sasa anapima mwenyewe. Anafungua `mempool.space` kwenye kivinjari na kuona mtandao umefika bloku 900,412. Anaibandika pale anwani aliyompa mteja na kukuta zile 0.004 zimo katika bloku 900,408. Seva yake imeishia 900,406. Ipo nyuma kwa bloku sita, takriban saa nzima, na malipo yake yamo ndani ya saa hiyohiyo. Hakuna fumbo tena.

Lakini kwa nini pochi haikujihamisha? Electrum huunganishwa na seva kadhaa kwa wakati mmoja na kupokea kutoka kwa zote vichwa vya bloku, ambavyo kila kimoja ni baiti 80 tu. Ndivyo inavyojua kwamba seva fulani imeachwa. Historia ya anwani zako, hata hivyo, huiomba kwa seva moja tu. Ikiruhusiwa kuchagua, huihama seva iliyozubaa. Mfasiri wetu aliwahi kuchagua seva kwa mkono na kuizuia isibadilike. Anakwenda `Tools`, kisha `Network`, anairuhusu tena pochi ijichagulie seva yenyewe, na baada ya muda mfupi salio linasoma 0.015.

Kiduara cha kijani nacho kina mipaka yake. Kinasema kwamba seva imefika bloku ya mwisho, si kwamba imekueleza kila kitu. Seva haiwezi kukubunia muamala uliothibitishwa, kwa kuwa uthibitisho hautakubali, lakini inaweza kukuficha uliopo. Ndiyo maana kuitazama anwani mahali pengine ni kipimo bora kuliko rangi yoyote. Bandika anwani moja tu, si ufunguo mkuu wa umma wa pochi nzima, la sivyo utampa mwenye tovuti picha ya fedha zako zote.

Kipimo hichohicho hukuonyesha pale ambapo seva haina kosa. Ikiwa fedha zipo kwenye anwani, lakini anwani yenyewe haimo katika orodha ya pochi uliyoifungua upya, basi kubadilisha seva hakutasaidia. Huenda maneno yako yalitoka kwenye pochi nyingine inayotumia utaratibu wa BIP39. Electrum ina utaratibu wake, hivyo wakati wa kuyaingiza lazima ufungue `Options` na kuchagua BIP39, kisha aina sahihi ya anwani.

Ninachokiogopa zaidi katika jambo hili ni ile nusu saa ya hofu kabla mtu hajapima. Desemba 2018 wezi waliweka seva zao wenyewe katika mtandao wa Electrum. Mtumiaji alipojaribu kutuma fedha, seva ilirudisha ujumbe wa hitilafu ukimtaka apakue toleo jipya kutoka kiungo fulani, na matoleo ya wakati ule yaliuonyesha ujumbe huo kana kwamba umetoka kwa pochi yenyewe. Toleo hilo lilikuwa la wizi, na zaidi ya bitkoini 200 zilichukuliwa. Siku hizi kuna wanaojifanya mafundi wa huduma kwa wateja, wanaokuelekeza kwenye ukurasa wa kuisawazisha pochi na kukutaka uandike maneno yako 12 humo. Kusawazisha hakuhitaji maneno hayo. Seva huulizwa kuhusu anwani tu, na ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa chako katika hatua yoyote ya kazi hiyo. Anayeyaomba anataka kuzihamisha sarafu, na akishazihamisha, sifuri utakayoiona itakuwa ya kweli kwenye kila seva.