Nani Amsimulie Machinga?

Mwandishi anayeandika hadithi ya kijana machinga hukutana mapema na swali hili: aandike "nilikimbia" au "alikimbia"? Tofauti ni silabi moja, na wengi hudhani wanaweza kuibadilisha baadaye bila kugusa kingine. Haiwezekani. Nafsi ndiyo inayoamua hadithi isimuliwe kwa maneno ya nani, na kijana ana ruhusa ya kutuficha nini.

Tuchukue kisa kimoja. Shabani ana miaka 17 na anauza soksi Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Asubuhi amechukua dazeni nne kwa mali kauli, na jioni tajiri anamdai shilingi 24,000. Kufikia adhuhuri ameuza jozi 20 kwa shilingi 1,000 kila jozi, na 15,000 katika hizo amemtumia mama yake kwa simu. Mara mgambo wanatokea na kuzoa jozi zote zilizobaki. Jioni Shabani anamwambia tajiri kuwa hakuwa ameuza hata jozi moja.

Kwa nafsi ya kwanza, anaweza kutusimulia hivi:

"Nikamwambia, bosi, leo wamenimaliza. Wamekuja na kirikuu, mbele wao, nyuma wao. Sijauza hata moja, wamebeba zote."

Hapa Shabani anaweza kutudanganya na sisi pia. Zile 15,000 zikifichuka ukurasa wa mwisho, msomaji hatamlaumu mwandishi. Atajua kuwa aliyemficha ni Shabani, na kule kuficha kutamwonyesha kijana huyu ni mtu wa namna gani.

Lakini anayesema "mimi" humwambia mtu. Mwandishi asipojua Shabani anamsimulia nani, sauti hupotea. Machinga mwenzake ataambiwa kwa majigambo, ilhali mama huenda asiambiwe kabisa. Dalili ya kupotea ni sentensi kama "ukosefu wa ajira ulinisukuma katika biashara hii". Hiyo ni sauti ya mwandishi wa ripoti, si ya kijana aliyeketi kijiweni. Euphrase Kezilahabi alitumia nafsi ya tatu katika Rosa Mistika (1971), lakini katika Kichwamaji (1974) alimwachia Kazimoto ajisimulie. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo anapobishana na nafsi yake kuhusu maana ya maisha, tunaamini maneno ni yake. Shabani hana maneno hayo, na kumpachika tu kutamfanya asikike kama mtu mwingine.

Sasa tujaribu nafsi ya tatu iliyo karibu, ile inayomwita "yeye" lakini ikakaa ndani ya kichwa chake:

"Shabani alitazama viatu vya tajiri. Aseme nini? Ile hela hairudi, mama keshalipa kodi. Huyu mzee leo ataelewa kweli?"

Hakuna "aliwaza kwamba". Maneno huyu, leo na ataelewa ni ya Shabani mwenyewe, yameachwa kama yalivyomjia. Ukiandika "alijiuliza kama mzee yule angeelewa siku hiyo", umeshasogea mbali naye. Nafsi hii pia humwezesha mwandishi kuonyesha asichoweza kukisema Shabani, kwa mfano mkono unaorudi kila mara kwenye mfuko wenye simu.

Gharama yake ni mbili. Kwanza, huwezi kuzificha zile 15,000. Tumo kichwani mwake akiwa mbele ya anayemdai. Ikiwa hazimjii akilini wakati huo, basi mwandishi ametudanganya, na msomaji ana haki ya kukasirika. Pili, kichwa cha tajiri kimefungwa. Sentensi "tajiri alijua anadanganywa" inaruka ukuta. Andika alichokiona Shabani: tajiri aliacha kuhesabu noti, akamtazama.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mwanzo wa hadithi, andika kwanza tukio hili la jioni kwa nafsi zote mbili, kisha usome kwa sauti. Kama uzito umo katika uongo wenyewe na siku utakapofichuka, mwachie Shabani aseme "mimi", na uamue anamwambia nani. Kwa kisa hiki mimi ningechagua nafsi ya tatu. Tukishajua pesa zilikwenda kwa mama, kila swali la tajiri linatuchoma pamoja na Shabani, kwa sababu sisi tunalijua jibu la kweli na yeye hawezi kulitoa. Katika nafsi ya kwanza, siri ile ingetuacha nje pamoja na tajiri, na hadithi hii inatutaka tusimame upande wa kijana.