Tuseme Nini Tunapouza Pawabenki?

Siku hizi kijana wa kikundi anayeuza vifaa vya simu mjini Eldoret hujipiga video akieleza bidhaa yake, kisha huituma kwa wateja. Anayemsikiliza huenda yuko Moiben au Ziwa. Akiuziwa kitu kibovu, nauli ya kukirudisha tu ni hasara, na kwa huyo muuzaji harudi tena. Basi aseme nini, auze bila kudanganya? Tuchukue pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, iliyoandikwa 10,000 mAh.

Wengi husema: "Simu yako ni ya 5,000, kwa hivyo hii itaijaza mara mbili." Si kweli. Ile 10,000 ni ya betri iliyo ndani, yenye volti 3.7 hivi. Ili umeme upite kwa waya lazima upandishwe hadi volti 5, halafu simu nayo iushushe tena. Kila mara sehemu yake hupotea kama joto, ndiyo maana vyote viwili hupata moto kidogo. Geuzeni pawabenki msome maandishi madogo: nyingi zenyewe husema zinatoa kama 6,000 tu kwa volti 5.

Kwa hivyo ijaribuni kwanza. Jazeni pawabenki kabisa. Simu ikishuka hadi asilimia 10, ichajini bila kuitumia mpaka 100, mwandike. Itumieni ishuke tena hadi 10, muichaji mpaka pawabenki iishe. Tuseme mara ya pili imefika 60. Ya kwanza ilipata 90, ya pili 50, jumla 140. Sasa mna la kusema:

"Habari zenu. Hii pawabenki naiuza mimi mwenyewe, na nimeijaribu kwa simu yangu ya 5,000. Ilijaza mara moja, ya pili ikafika 60. Mara mbili kamili haifiki, nisikudanganye. Nayo kujaa inachukua karibu saa sita, kwa hivyo iweke usiku. Kama kwako stima haipotei, huihitaji. Lakini kama unalipia kuchaji simu sokoni, hii itakufikisha kesho. Njoo na simu yako, tuijaribu ukiona."

Mwaona kwamba ubaya umetajwa kabla ya bei. Mteja akisikia muuzaji akikiri la saa sita, ataamini na lile la 60. Lakini msiseme "saa sita" kama hamkupima.

Jihadharini pia na zile zinazoandikwa 50,000 huku zinaingia mfukoni. Ya 10,000 ya kweli huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Ya 50,000 ingekaribia kilo. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kusema bidhaa ina uwezo isiokuwa nao, hata kama namba hiyo mliikuta imeandikwa kwa boksi. Ikiwa jaribio lenu limetoa 50 pekee, mrudishieni aliyewauzia kwa jumla kabla hamjanunua katoni nzima.