Mwisho wa Michango ni Alhamisi, Saa 10 Jioni

Mtu akifiwa na mama yake Dar es Salaam Jumatatu na mazishi yakapangwa kufanyika Moshi Jumamosi, kikundi chake kina siku chache mno za kugeuza ahadi kuwa fedha. Ahadi zenyewe hazisumbui. Usiku wa kwanza orodha hujaa majina kwenye simu, huyu 50,000, yule 100,000. Kazi humwangukia mwenyekiti Jumatano, pale mwenye gari anapotaka chake na nusu ya orodha iko kimya.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 32 kilichoahidi jumla ya shilingi 2,400,000. Wamekubaliana kwamba 1,800,000 zitakodi Koasta ya kwenda na kurudi, na 600,000 zitakuwa rambirambi. Jumatano jioni wametoa watu 21 na mweka hazina ana 1,530,000. Mwenye gari amelipwa 1,200,000 za awali, na zilizobaki mkononi ni 330,000. Salio la gari ni 600,000, basi zinapungua 270,000 ili gari liondoke. Wengine 11 bado wanadaiwa 870,000, lakini kwa Alhamisi kinachombana mwenyekiti ni hizo 270,000. Anayeanza na 870,000 huwatisha watu bure.

Hapo ndipo tarehe ya mwisho inapotoka. Wengi huandika “kabla ya mazishi”, na hilo ndilo kosa, kwa sababu Jumamosi gari limeshafika Moshi. Tarehe huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Gari linaondoka Ijumaa alfajiri, mwenye gari anataka salio lake Alhamisi jioni, na fedha za kwenye simu zinapaswa kutolewa kwa wakala, ambaye huenda hana taslimu za kutosha kwa mara moja. Mweka hazina akipewa saa mbili tatu za kuzunguka kwa mawakala, mwisho unakuwa Alhamisi saa 10 jioni.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

“Ndugu zangu, poleni na msiba. Mwili wa mama yetu utasafirishwa Ijumaa alfajiri, mazishi ni Jumamosi, Moshi. Tuliahidi 2,400,000, zimefika 1,530,000. Ili gari liondoke zinahitajika 270,000 nyingine. Naomba tuliobakiza tukamilishe kabla ya Alhamisi saa 10 jioni. Tumeni kwa namba ya mweka hazina mliyopewa, na mhakikishe jina linalotokea ni lake kabla ya kuthibitisha. Ukishatuma, andika hapa jina na kiasi. Mwenye udhuru anipigie mimi. Mwenyekiti.”

Hilo la jina si la kupamba. Namba ikikosewa tarakimu moja, fedha huenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha huchukua muda ambao msiba hauna. Wengine pia husajili laini kwa jina la mke au la kaka. Mweka hazina wa namna hiyo aseme mapema jina litakalotokea, la sivyo watu watasita kutuma.

Orodha ya wasiotoa, yenye sufuri mbele ya kila jina, mimi siipendi. Kwenye kikundi watajwe waliokamilisha, na wale 11 wapigiwe simu mmoja mmoja. Swali la kuanzia liwe, “Ndugu yangu, labda ulishatuma nyumbani kwa mfiwa?” Mara nyingi ndivyo ilivyo: mtu ametuma moja kwa moja kwa mfiwa, hakusema, na hesabu ya kikundi inaonyesha anadaiwa. Asiye nazo naye hupata mlango wa kusema kwamba mshahara haujatoka, au kwamba anaomba kupunguza 100,000 ziwe 30,000. Mwenyekiti akubali hapohapo. Thelathini anazozijua Jumatano zinamfaa kuliko mia moja anayoisubiri hadi Ijumaa. Na kabla ya kumpigia yeyote, yake mwenyewe iwe imeshaingia.

Tarehe itajwe moja tu. Ukiandika “Alhamisi, au hata Ijumaa kwa watakaochelewa”, wote watashika Ijumaa. Zitakazoingia baada ya saa 10 hazikataliwi. Mweka hazina huziongeza kwenye rambirambi, ambayo hukabidhiwa Jumamosi, bila kulitangaza hilo mapema.

Utaratibu huu ni wa misiba inayosubiri safari. Kwa Waislamu, ambao huzika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, hakuna nafasi ya ahadi na makumbusho, na kikundi kisicho na akiba mkononi hubaki kuchangia baada ya maziko.

Alhamisi usiku mweka hazina huandika hesabu fupi kabla ya watu kulala: zilizoingia, zilizolipwa kwa gari, zilizobaki kwa rambirambi. Ijumaa akiwa njiani atakosa utulivu wa kuyajibu maswali hayo.