Bei ya kitu kisicho na bei: mtambo wa gesi ya migomba Karagwe na Kyerwa

Bidhaa inayoingia sokoni bila mshindani humnyima muuzaji kipimo ambacho wafanyabiashara hukitegemea kwa kawaida, yaani bei ya jirani. Wilayani Karagwe mfano wa bidhaa ya namna hiyo ni mtambo wa bayogesi unaolishwa vigogo vya migomba badala ya samadi ya ng'ombe, ambao shirika la MAVUNO lilishiriki kuubuni pamoja na Wahandisi Wasio na Mipaka wa Ujerumani. Sababu ya kuubuni inaeleweka, kwa kuwa kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa zina kibanja cha migomba, lakini si zote zenye ng'ombe wa kutosha kuulisha mtambo wa kawaida.

Kukosekana kwa mshindani hakumaanishi kwamba mnunuzi hana njia nyingine, kwani kuni za kuokota, ambazo hulipiwa kwa muda na nguvu za wanawake na watoto, hubaki kuwa mbadala usio na bei ya fedha. Kwa hiyo muuzaji hulazimika kuwauliza wateja wa mwanzo wangekuwa radhi kulipa kiasi gani, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu jibu la mdomo halimgharimu mtu chochote. Mwenye adabu hutaja kiasi kikubwa ili asimvunje moyo mgeni, ilhali anayemdhania mgeni kuwa mtu wa mradi wa misaada hutaja kidogo akitumaini kupunguziwa.

Ukubwa wa pengo kati ya maneno na malipo ulionekana magharibi mwa Kenya, Busia na Siaya, ambako wachumi Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walichunguza uunganishaji wa umeme vijijini. Gharama ya kawaida ya kuunganishwa ilikuwa shilingi 35,000 za Kenya. Ilipopunguzwa hadi 15,000, takriban robo tu ya kaya zilikubali na kulipa, na ilipokuwa 25,000 waliolipa hawakufika asilimia 10. Majibu ya mdomo yalikuwa yameashiria wanunuzi wengi zaidi, na yalishuka pale wahojiwa walipokumbushwa kwamba fedha hiyo ingehitajika ndani ya muda mfupi.

Dawa ya pengo hilo ni kuligeuza swali kuwa ahadi yenye gharama. Chukua mfano wa kubuni wa mtambo unaogharimu shilingi 500,000 za Tanzania kuujenga. Muuzaji huchagua vijiji vitatu vinavyofanana lakini vilivyo mbali, ili wakazi wasilinganishe bei, kisha katika kila kijiji huuliza kaya 40 kuhusu bei moja tu. Kwa 600,000 kaya 28 zinasema ndiyo, kwa 800,000 kaya 20, na kwa 1,000,000 kaya tisa. Faida ghafi, yaani bei ukitoa gharama ya ujenzi na kuzidisha kwa idadi ya wanunuzi, inakuwa milioni 2.8, milioni 6 na milioni 4.5, hivyo bei ya kati inaonekana kushinda kwa mbali.

Hatua ya pili ni kuwaomba waliokubali watoe malipo ya awali ya shilingi 50,000, yanayorudishwa endapo mtambo hautajengwa. Wanaotoa ni 21, sita na mmoja, na faida inayotarajiwa inabadilika kuwa milioni 2.1, milioni 1.8 na 500,000. Bei iliyoshinda kwa maneno imeshindwa kwa fedha, kwa sababu maneno na malipo huachana zaidi kadiri bei inavyopanda.

Hata kipimo hiki hupotoshwa na msimu. Mapato makubwa ya wakulima wengi hutokana na kahawa ya robusta, na kabla ya mavuno baadhi yao hulazimika kuuza butura, yaani kahawa ingali mtini kwa bei ya chini, ili wapate fedha ya haraka. Kaya iliyo katika hali hiyo ikikataa kutoa 50,000 huenda inakosa fedha mkononi, wala haiudharau mtambo, na hali hiyo hutambulika ikiwa kaya zilezile zikipewa nafasi ya pili baada ya malipo ya kahawa zinakubali bei ileile. Hapo kinachohitaji kurekebishwa ni ratiba ya malipo, si bei.

Kikomo cha mwisho kiko upande wa muuzaji, kwa kuwa hesabu ya mitambo 21 inadai mafundi wa kuijenga na kuihudumia. Mwenye fundi mmoja anayeweza kujenga sita tu kwa msimu atapata milioni 1.8 kwa bei ya 800,000, lakini 600,000 pekee kwa bei ya 600,000, hivyo inampasa kuanza na bei ya juu na kuishusha mafundi wanapoongezeka, kwani kuipandisha baadaye mbele ya majirani waliouziwa kwa bei nafuu ni vigumu zaidi.