Chatu, Kufu na Vitu: Kuandaa Karatasi ya Marudio ya Visababishi vya Upungufu wa Damu

Visababishi vya upungufu wa damu humfikia mwanafunzi wa utabibu au uuguzi vikiwa vimetawanyika. Somo la fiziolojia huvigawa kwa njia tatu: damu inayovuja, seli nyekundu zinazovunjwa kabla ya kutimiza siku zake 120 hivi, na uboho unaoshindwa kutengeneza seli za kutosha. Patholojia huvigawa kwa ukubwa wa seli. Mhadhara wa vimelea hutaja malaria, safura na kichocho, ule wa afya ya uzazi hutaja mimba na lishe, na kitabu cha magonjwa ya watoto huanza na selimundu. Kila daftari liko sahihi, lakini yote yakisomwa kwa pamoja jambo moja huonekana kama matano.

Kazi huanza kwa kunakili kila kisababishi katika mstari wake, pamoja na jina la somo kilikotoka, bila kupanga chochote. Baada ya hapo ndipo hufuata hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: kutafuta mistari iliyo mnyororo mmoja. Katika orodha ya namna hiyo, safura, upotevu wa damu wa muda mrefu na upungufu wa chuma huwa katika mistari mitatu. Kwa kweli hivyo si visababishi vitatu. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Damu hiyo huondoka na chuma chake. Akiba ya chuma mwilini huisha. Kisha uboho huanza kutoa seli ndogo zenye hemoglobini kidogo. Mistari hiyo huunganishwa kwa mishale, na kiungo cha mwisho tu ndicho kinachotafutiwa herufi ya kukumbushia. Bila kuunganisha hivyo, neno la kukumbushia hurefuka hadi likahitaji neno jingine la kulikumbusha.

Kinachofuata ni kuchagua mgawanyo mmoja wa kubeba karatasi nzima. Mgawanyo wa njia tatu hueleza ugonjwa vizuri, lakini ule wa ukubwa wa seli hufaa zaidi kwa marudio, kwa sababu swali la mtihani, kama ilivyo kwa mgonjwa halisi, kwa kawaida huja na majibu ya kipimo cha damu kamili. Mstari wa kwanza wa kutazamwa ni hemoglobini. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima ana upungufu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Kwa mjamzito kiwango kinachotumika sana ni chini ya 11. Mstari wa pili ni MCV, yaani wastani wa ukubwa wa seli nyekundu. Kwa mtu mzima, chini ya 80 seli ni ndogo, kati ya 80 na 100 ni za kawaida, na zaidi ya 100 ni kubwa. Hivyo karatasi hupata safu tatu, na kila safu neno lake.

Safu ya seli ndogo inaweza kupewa neno CHATU. CH ni chuma kilichopungua. A ni athari za maradhi sugu, kama kifua kikuu, ambapo chuma kimo mwilini lakini kimefungiwa kwenye ghala. T ni thalasemia. U ni ujenzi wa hemu ulioharibika, yaani ile sehemu ya hemoglobini inayoshika chuma. Humo huingia sumu ya madini ya risasi na upungufu wa damu wa sideroblasti. Herufi A ilihitaji uangalifu. Ingeandikwa “anemia ya maradhi sugu”, herufi ingesimama badala ya jina la tatizo lenyewe, na wakati wa mtihani isingedokeza lolote, kwa kuwa kila kitu kwenye ukurasa huo ni anemia.

Safu ya seli za kawaida hutoshelezwa na KUFU: kuvuja damu kwa ghafla, uharibifu wa seli, figo zilizoshindwa, na uboho uliodhoofika. Mpangilio wa herufi hapa una kazi. Katika mbili za kwanza uboho ni mzima na hujitahidi kufidia, kwa hiyo baada ya siku chache retikulosaiti, ambazo ni seli nyekundu changa, huongezeka. Katika mbili za mwisho hubaki chache, ama kwa sababu figo hazitoi homoni ya kuuchochea uboho, ama kwa sababu uboho wenyewe hauwezi. Mstari mmoja ukichorwa katikati ya neno, KU upande huu na FU upande ule, kipimo cha retikulosaiti hupata mahali pake bila herufi ya ziada. Malaria, selimundu na upungufu wa kimeng’enya cha G6PD huandikwa chini ya uharibifu, ila malaria huwekewa alama: pamoja na kuvunja seli, huudhoofisha pia uboho, hivyo retikulosaiti zinaweza kuwa chache wakati homa ingali kali.

Seli kubwa ni VITU: vitamini B12 na asidi ya foliki, ini pamoja na pombe, tezi ya shingo iliyolegea, na uboho wenye kasoro au ulioguswa na dawa, mathalani zidovudini.

Karatasi ikifika hapa hupimwa kwa kisa. Mjamzito mwenye hemoglobini 7.8 ana MCV 68. Safu ni ya CHATU. Ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma, ni 6, chini kabisa ya mpaka wa 15 unaotumika kwa mtu mzima, kwa hiyo jibu ni CH. Ingekuwa ya kawaida au juu, A ingefikiriwa. Hapo neno limemaliza kazi yake, lakini swali bado: chuma kimekwishaje? Herufi peke yake hailijibu, na mwanafunzi anayeishia hapo atampa mgonjwa vidonge vya chuma na kuacha minyoo ikiendelea kunyonya. Kwa hiyo chini ya CH huongezwa maneno manne: kula, kufyonza, kuhitaji, kuvuja. Mimba imeongeza mahitaji, chakula huulizwa, kinyesi hupimwa, na mayai ya safura yakionekana, mshale uliochorwa mwanzoni hukamilika.

Kisa kingine huonyesha mpaka wa karatasi. Mtu anayekosa chuma na foliki kwa wakati mmoja ana seli ndogo na kubwa pamoja, na wastani wake unaweza kuangukia 88. MCV humpeleka kwenye KUFU, ambako hakuna jibu lake. Kinachomfichua ni RDW, kipimo cha tofauti ya ukubwa kati ya seli na seli, kitakachokuwa juu, au slaidi ya damu chini ya hadubini. Maradhi sugu nayo huvuka mpaka: mara nyingi seli zake hubaki za ukubwa wa kawaida, kwa hiyo mshale huchorwa kutoka A ya CHATU hadi safu ya KUFU. Mambo haya mawili huandikwa pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa kuwa ndiyo ambayo maneno yale matatu hayawezi kuyabeba.