Kuona vitu viwili viwili

Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza unga, aliamka asubuhi akaona vitu viwili viwili. Kijiko mkononi kilikuwa kimoja, lakini pikipiki ya mbali barabarani ilionekana mbili, moja kando ya nyingine. Majirani walisema karogwa. Sisi tulimwomba afunike jicho moja kwa kiganja, halafu lingine. Kila alipofunika, viwili vikawa kimoja. Basi kila jicho peke yake lilikuwa linaona; shida ni kwamba hayakuelekea mahali pamoja. Angeona viwili hata kwa jicho moja, tungefikiria ugonjwa wa jicho lenyewe, kama mtoto wa jicho.

Kila jicho linavutwa na misuli sita, nayo inaongozwa na neva tatu zinazotoka kwenye ubongo. Neva ya sita ina msuli mmoja tu, ule unaovuta jicho nje kuelekea sikio. Ya nne pia ina mmoja, unaosaidia jicho kutazama chini. Ya tatu inabeba minne iliyobaki, tena inainua kope na kubana mboni.

Tukamwambia mama afuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa. Upande wa kulia macho yote yalienda. Upande wa kushoto, jicho la kushoto lilikwama katikati, na hapo ndipo vitu viliachana zaidi. Neva ya sita ya kushoto ilikuwa imelegea. Hospitalini walipima damu, wakakuta sukari iko juu sana. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva. Mara nyingi neva ya namna hiyo hupona yenyewe kwa miezi mitatu hivi. Alitunza sukari, akawa anafunika jicho kwa kitambaa akienda sokoni, na wiki ya kumi pikipiki ikawa moja.

Neva ya nne mara nyingi huumia mtu akigonga kichwa, kwa mfano akianguka na pikipiki. Huyo huona kimoja juu ya kingine, hasa akishuka ngazi au akisoma, na huinamisha kichwa kwenye bega ili vitu viungane.

Tunayoiogopa zaidi ni ya tatu. Kope linaanguka, na ukiliinua unakuta jicho limeelekea nje na chini. Hapo tazama mboni. Ikiwa kubwa kuliko ya jicho lingine, tena kichwa kinauma sana, huenda mshipa wa damu ndani ya kichwa umevimba, unaibana neva, na unaweza kupasuka. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mtoto mdogo hasemi kwamba anaona viwili. Utaona tu jicho limegeukia puani, au anatazama akiwa amegeuza uso upande mmoja. Akiwa pia anatapika asubuhi na kulia kichwa, usingoje: shinikizo ndani ya kichwa hulegeza neva ya sita upesi.