Kubadilisha Kiuadudu bila Kubadilisha Shabaha

Pairethroidi, ambazo hutiwa katika vyandarua, huzuia milango ya sodiamu ya neva isijifunge kwa wakati. Neva huendelea kutoa misukumo, na mbu huanguka akitetemeka. Oganofosfeti na kabamati haziigusi milango hiyo. Zote mbili hukamata kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, ambacho huvunja asetilikolini baada ya ujumbe kupita kutoka neva moja hadi nyingine. Asetilikolini ikirundikana, ujumbe haukomi. Zinatofautiana kwa muda tu: kabamati hukiachia kimeng'enya baada ya dakika au saa chache, ilhali kifungo cha oganofosfeti hudumu zaidi, pengine moja kwa moja.

Hapo ndipo mipango ya upuliziaji majumbani huweza kukosea. Kutoka bendiokabu kwenda pirimifosi-methili ni kubadilisha kundi, si shabaha. Badiliko moja la jeni ya ace-1, liitwalo G119S, laweza kumkinga mbu dhidi ya zote mbili, ingawa si kwa kiwango sawa. Lile la kdr, lililo kwenye mlango wa sodiamu, halimpi kinga hiyo. Kwa hiyo mbu wajaribiwe kwa dawa zote mbili kabla ya uamuzi. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90 saa 24 baada ya kuguswa na kiwango bainishi, usugu umethibitika. Asilimia 90 hadi 97 huhitaji jaribio la pili.